Madaftari Yana Vema, Mtoto Hasomi

Katika shule nyingi za msingi Tanzania, mzazi akiitwa shuleni anawaza mambo mawili: ama mtoto kampiga mwenzake, ama kuna mchango unadaiwa. Elimu bila malipo ilianza Januari 2016, lakini hofu ya michango haijaisha. Kwa hiyo mama anayeletewa kikaratasi chenye maneno "Unahitajika shuleni Ijumaa saa nne" hukesha akipekua makosa. Siku ikifika anaingia getini akiwa tayari kugombana au kuomba radhi. Kumbe mwalimu anataka kumweleza jambo la tatu kabisa: mwanawe wa darasa la tatu hajui kusoma.

Watoto wa namna hii si wachache. Katika miaka ya 2010 wapimaji wa Uwezo walipita nyumba kwa nyumba wakiwapa watoto silabi, maneno, aya na hadithi fupi ya kiwango cha darasa la pili, na kila walipopima waliwakuta watoto wa darasa la tatu, hata la juu zaidi, ambao hadithi ile iliwashinda. Wazazi wao walikuwa wakipokea ripoti kila muhula. Kwenye ripoti, sehemu ya maoni ya mwalimu wa darasa, mara nyingi huwa yamekaa maneno mawili: "Aongeze bidii."

Maneno hayo yanaonekana ya upole, lakini hayamsaidii mtu. Mzazi hajui bidii ya nini. Akiongeza kitu, ataongeza fimbo.

Tumchukue mtoto mmoja wa kufikirika, wa aina ambayo kila mwalimu wa madarasa ya chini amewahi kukutana nayo. Ana miaka tisa, mtulivu, mwandiko wake mzuri kuliko wa nusu ya darasa. Anakaa katikati ya chumba, mahali ambapo mwalimu wa wanafunzi themanini haangalii sana. Likiandikwa zoezi ubaoni, analinakili lote bila kuruka hata nukta. Darasa likisoma kwa pamoja, sauti yake imo. Wakisoma mmoja mmoja, anasubiri mwenzake wa kwanza asome, anashika maneno, kisha anayatamka akiwa amekitazama kitabu. Madaftari yake yamejaa vema.

Kabla ya kumwita mama yake, mwalimu ana kazi ya dakika kumi, na asipoifanya kikao kitakuwa cha kubahatisha. Anamkalisha mtoto peke yake, anafunika picha kwa karatasi, anamwomba aanze kusoma katikati ya ukurasa na siyo mwanzo. Hapo aliyekariri hujulikana. Aya ni ya kitabu cha darasa la pili, yenye maneno 40, na muda ni dakika moja. Mtoto wetu anasoma sawasawa maneno 11. Mwalimu anaendelea: silabi 20 za konsonanti moja, kama ba, ke, li, mu. Anazipata zote. Kisha silabi 20 zenye herufi mwambatano, kama nya, sha, mbwa, ng'o, ndwe. Anapata 6. Neno "shamba" amelisoma "shati", na "nyumba" amelisoma "nusu": ameona herufi ya mwanzo, akakisia iliyobaki.

Sasa mwalimu ana jambo la kusema. Mtoto huyu si mzito wala si mvivu. Alifika kwenye herufi mwambatano, darasa likasonga mbele, yeye akabaki pale na akajifunza kuficha.

Wito wenyewe unaweza kupunguza nusu ya hofu. Sentensi moja inatosha: "Mama, naomba tuonane Ijumaa saa nne kuhusu usomaji wa kijana wetu, hana kesi, na hakuna mchango." Mahali pa kukutania pana uzito wake. Ofisi ya walimu, ambako watu wanane wanasahihisha madaftari huku masikio yako wazi, haifai. Darasa tupu wakati wa mapumziko, au viti viwili chini ya mti, panafaa zaidi. Mtoto asiwepo mwanzoni, ataitwa baadaye. Na kama mwalimu ni kijana wa miaka ishirini na sita na mama ana umri wa shangazi yake, cheo cha ualimu hakimwondolei wajibu wa kuamkia.

"Shikamoo mama. Karibu, ukae. Za nyumbani?"

"Marahaba mwalimu. Nzuri tu. Haya, kafanya nini?"

Hapa walimu wengi hukosea kwa wema. Huanza kusifu: ana adabu, msafi, anawahi namba, mwandiko wake unapendeza. Dakika tano zikipita mama ameshatulia, na habari yenyewe inapofika anahisi ametegewa. Sifa iwe moja, ya kweli, tena inayohusiana na jambo lenyewe. Kisha ukweli ufuate mara moja, kwa maneno yasiyozunguka:

"Hajafanya kosa lolote, mama. Nimekuita kwa sababu hajaweza kusoma inavyotakiwa kwa darasa la tatu. Silabi fupi anazijua zote. Maneno yenye herufi zilizoungana, kama nyumba na shamba, yanamshinda, kwa hiyo habari ya kitabuni haielewi. Juzi nilimpa aya ya darasa la pili, akasoma maneno 11 kati ya 40."

Baada ya hapo, mwalimu anyamaze. Kimya hicho ni kigumu, na ulimi hutamani kukijaza kwa "lakini usijali". Mama ana haki ya kujali. Kumwambia asijali ni kumrudishia kile kikaratasi cha "aongeze bidii" kwa njia nyingine.

Swali lake la kwanza karibu linajulikana: "Mbona madaftari yana vema?" Hili ndilo swali gumu la kikao chote, kwa kuwa linaigusa shule. Jibu la kukwepa, kwamba watoto ni wengi, ni kweli, ila halijibu. Jibu lenyewe ni hili: "Vema hizi nyingi ni za kazi aliyonakili kutoka ubaoni, na ananakili vizuri sana. Tulizisahihisha tukidhani anaelewa. Kumpima akiwa peke yake tulichelewa." Mwalimu anayekubali sehemu ya shule hapotezi heshima. Na mzazi hupata sababu ya kuacha kujitetea, jambo ambalo bila hivyo lingemaliza saa nzima.

Swali la pili huja kwa sauti ya chini: "Kwa hiyo mwanangu akili yake ni nzito?" Mwalimu ana majibu mawili mabaya karibu na ulimi. Moja ni kukataa kwa kelele, na jingine ni kutaja ugonjwa aliousikia kwenye semina. Yeye si daktari wala mtaalamu wa upimaji. Aseme alichokiona: "Hesabu za mdomo anajibu haraka, na hadithi nikiisimulia anairudia yote. Kinachomshinda ni kusoma maandishi. Sijajua kama macho yanahusika, kwa hiyo naomba umpeleke apimwe macho na masikio." Kumlinganisha na dada yake aliyefaulu kwenda sekondari ni mwiko, hata mama mwenyewe akiuanzisha ulinganisho huo.

Kuna jambo ambalo miongozo ya vikao husahau: kitakachotokea jioni. Mzazi aliyeaibika shuleni anaweza kuimalizia aibu hiyo mgongoni mwa mtoto, na mtoto aliyepigwa kwa sababu ya kitabu ataongeza ujuzi wa kuficha. Mwalimu asiishie kuhubiri "usimpige". Aulize: "Ukifika nyumbani leo utamwambia nini?" Kisha asubiri. Mama akisema, "Nitamkanya aache mchezo," mwalimu apendekeze maneno mengine: "Mwambie mwalimu amegundua maneno yanayokusumbua, na tutayasoma pamoja." Wayarudie hata mara mbili. Ni vizuri mama aondoke na sentensi kamili kinywani.

Mpango wa nyumbani uwe mdogo kiasi cha kuaibisha. Mama huyu anauza vitafunwa alfajiri na kurudi jioni. Kumwambia "msimamie masomo" ni kumpa mzigo usiobebeka. Dakika kumi baada ya chakula cha jioni, siku tano kwa wiki, zinatosha. Shule inatoa karatasi yenye maneno kumi ya herufi mwambatano ya aina moja kila wiki: ya kwanza "ny", inayofuata "sh", kisha "mb", na kuendelea. Mtoto anayasoma kwa kidole, halafu anasoma sentensi tatu zenye maneno hayo.

Na kama mama mwenyewe hasomi? Mwalimu asimwulize hadharani, na asimpe fomu asaini bila kuisoma kwa sauti. Apange kazi ambayo haitegemei jibu la swali hilo: mama asikilize, aangalie kidole kinatembea neno kwa neno au kinateleza, na mwisho amwombe mtoto aeleze alichosoma. Dada mkubwa anaweza kurekebisha makosa. Mama anabaki msimamizi.

Shule nayo itaje sehemu yake kwa siku na saa, vinginevyo kikao kimegeuka kuwa maagizo: "Mimi nitakaa naye na wenzake watano, Jumatatu, Jumatano na Ijumaa, dakika ishirini kabla ya kipindi cha kwanza. Atahamia dawati la mbele. Kazi ya kunakili tu sitaiwekea vema." Ahadi ambayo mwalimu anajua haiwezi, kama masomo ya ziada ya kila siku, asiitoe hata kama mama analia.

Mama akiuliza kama mtoto akariri darasa, mwalimu aseme kwamba uamuzi huo unapitia kwa mwalimu mkuu na haufanywi siku hiyo. Ila asimfiche kwamba mwakani kuna Upimaji wa Kitaifa wa Darasa la Nne, na asiyesoma hujikwaa katika karibu kila karatasi, hata ya hisabati, kwa kuwa maswali nayo husomwa.

Ndipo mtoto anaitwa, kwa dakika tatu za mwisho. Hahojiwi. Anaambiwa mbele ya mama yake kile kile kilichosemwa, kwa maneno yake: silabi hizi unazijua, hizi bado, na huu ndio utaratibu wetu. Watoto wa umri huo wanajua kabisa kwamba hawasomi. Wasichojua ni kama watu wazima wamegundua na kama wamekasirika.

Kabla mama hajanyanyuka, tarehe ya kikao cha pili inaandikwa, wiki sita mbele. Siku hiyo mtoto atapewa aya nyingine ya maneno 40 ya kiwango kile kile, kwa dakika moja. Akifika maneno 20 au zaidi, utaratibu unaendelea na herufi nyingine zinaongezwa. Akibaki 11 au 12 ilhali dakika kumi za nyumbani zilifanyika na vipindi vya asubuhi havikurukwa, mwalimu atamwambia mama hivyo hivyo bila kupamba, na safari hii mwalimu mkuu atakuwepo, ili majibu ya vipimo vya macho na masikio yaangaliwe na barua iandikwe kwa ofisa elimu maalumu wa halmashauri.