Nyota moja bila matusi

“Wezi wakubwa hawa! Hoteli chafu, imejaa kunguni. Yule dada wa mapokezi, mnene, kiburi kimemjaa, sijui nani kamwajiri. Meneja ni tapeli, namba yake hii hapa, mpigieni mumpe vidonge vyake. Mji mzima unajua wanaiba. Wafungiwe!”

Maoni ya namna hii, yakiandikwa Google Maps chini ya jina la hoteli, huwa hayakai. Mara nyingi mfumo wa kompyuta unayakamata kabla hayajaonekana. Yakiponyoka hapo, mwenye hoteli anayaripoti, nayo yanaondolewa. Aliyeyaandika anabaki akiamini kwamba hoteli imehonga mtu, au kwamba mtandao unawalinda matajiri. Kumbe alivunja masharti karibu katika kila sentensi: katukana, kasema umbo la mtu, katoa namba ya simu ya mtu binafsi, kawachochea wengine wamsumbue. Yale ya kweli aliyokuwa nayo yamefutwa pamoja na matusi, kwa sababu maoni huondolewa mazima. Hakuna mhariri wa kukaa na kuchambua sentensi ipi ibaki.

Kuna jambo ambalo wengi hawalijui. Google haiamui ugomvi wa mteja na mfanyabiashara. Mteja akisema maji hayakutoka na hoteli ikasema yalitoka, haitumi mtu kwenda kufungua bomba. Inachotazama ni kama maandishi yamevunja masharti yake. Kwa hiyo mwenye hoteli anayechukia maoni yako hana njia ya kuyaondoa kwa kusema tu kwamba yanamharibia biashara. Inabidi aonyeshe sharti lililovunjwa. Kila tusi unaloandika unampa sharti hilo mkononi.

Hasira yenyewe haikatazwi, na nyota moja haikatazwi. Unaruhusiwa kusema hutarudi tena, na kwamba huduma ilikuwa mbaya kuliko zote ulizowahi kupata.

Sasa turudi kwa mgeni wetu, ambaye nimemtunga kutokana na malalamiko ya aina hii yaliyo mengi. Tumkalishe chini tumuulize, neno kwa neno. Wezi kivipi? Anasema alilipa shilingi 120,000 kwa simu kabla ya kufika, siku mbili za chumba chenye kiyoyozi. Alipofika Ijumaa saa mbili usiku, chumba kile alikuwa amepewa mtu mwingine. Akapewa cha feni kwa bei ileile. Asubuhi akaamua kuondoka, akadai 60,000 ya usiku wa pili, akaambiwa hela ikishaingia hairudi. Basi hapo ndipo ulipo “wizi” wenyewe, na una uzito kuliko neno lenyewe. Msomaji akisoma “wezi” anaona mtu mwenye hasira. Akisoma kwamba chumba kilicholipiwa kilitolewa kwa mwingine na pesa haikurudishwa, anashika pochi yake.

Neno hilo lina hatari nyingine. Kumwita mtu mwizi ni kumtuhumu kosa la jinai, na pengine hoteli itasema ni suala la masharti ya malipo tu. Tanzania ina Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015, na kifungu chake cha 16 kinamgusa anayechapisha habari anayojua ni ya uongo au ya kupotosha kwa nia ya kukashifu, kutukana au kutisha. Anayeeleza alicholipa na alichopata, na risiti anayo, yuko mbali na eneo hilo.

Je, kunguni? Hapa ndipo mwandishi hujikwaa zaidi. “Ulimwona kunguni?” Hapana, ila aliamka ana vipele mikononi. Neti je? Ilikuwa na matundu, na picha yake anayo. Basi kunguni atoke, neti iingie. Jambo moja usiloweza kulithibitisha linaharibu manne unayoweza kuyathibitisha, maana hoteli itajibu hilo moja tu, kwa sauti ya upole, na wasomaji watasahau mengine.

Dada wa mapokezi aliwakosea nini? Ukimbana sana mgeni anakumbuka: aliomba kuzungumza na meneja, dada akajibu bila kuinua macho kwenye simu kwamba meneja hapokei wateja usiku. Hicho kiandikwe. Jina lake na umbo lake haviongezi chochote. “Mhudumu wa mapokezi” inatosha, na hoteli inajua vizuri nani alikuwa zamu. Namba ya meneja inafutwa bila mjadala. “Mji mzima unajua” nayo inakwenda, kwani mitandao hii inataka uliyoyapata wewe mwenyewe, si ya kusikia. Booking.com, kwa mfano, inampa nafasi ya kuandika yule tu aliyeweka nafasi kupitia kwao.

Maoni mapya yanakuja hivi:

“Nyota moja. Nililipa sh. 120,000 mapema kwa simu, usiku mbili, chumba chenye kiyoyozi. Nilifika Ijumaa saa mbili usiku nikakuta chumba kimetolewa kwa mgeni mwingine. Nilipewa chumba cha feni kwa bei ileile. Bomba halikutoa maji hadi asubuhi, na neti ilikuwa na matundu (picha nimeweka). Nilipoomba kumwona meneja, mhudumu wa mapokezi alinijibu bila kuacha simu yake kwamba hapokei wateja usiku. Niliondoka asubuhi na kudai 60,000 ya usiku wa pili. Walikataa, na wiki moja baadaye sijapigiwa. Mahali ni pazuri, karibu na stendi. Sitarudi, na sishauri mtu alipe kabla ya kuona chumba.”

Angalia kwamba hakuna lililolegezwa. Wapo wanaoogopa kufutiwa hadi wanaandika “labda kulikuwa na kachangamoto kidogo ka maji”. Hilo ni kosa upande wa pili. Maji hayakutoka, sema hayakutoka. Sentensi ya stendi nayo si ya kuwabembeleza: inamwonyesha msomaji kwamba mwandishi alifumbua macho yote mawili.

Ukishatuma, usitegemee simu yako, kwani unaweza kuyaona maoni yako ilhali wengine hawayaoni. Tafuta hoteli hiyo kwa simu ya mtu mwingine. Yasipoonekana baada ya siku chache, yasome tena ukitafuta jina la mtu, namba ya simu au neno kali, uhariri na kutuma upya. Kuyamwaga yaleyale mara tano, au kuwaomba binamu nao watoe nyota moja bila kulala pale, kunahesabiwa kama udanganyifu, na unaweza kupoteza hata yale ya halali.

Kisha hutokea hoteli ikapiga simu: futa, tutakurudishia hela. Masharti ya Google yanamkataza mfanyabiashara kutoa zawadi au malipo ili maoni mabaya yafutwe au yabadilishwe. Na wewe usiwaambie “nirudishieni au nitawachafua”. Tripadvisor ina njia maalumu ya mwenye hoteli kuripoti vitisho vya aina hiyo hata kabla hujaandika. Dai la pesa liende kivyake, na risiti zake. Likilipwa, fungua maoni yako, acha yaliyotokea yabaki, kisha ongeza mstari chini wenye tarehe: hoteli imerudisha 60,000.