Mistari michache ya kumnasa mhariri

Niambie ukweli. Ushawahi kumwandikia mhariri wa gazeti ukaanza na "natumai u buheri wa afya"? Mimi nishawahi. Mara kumi na moja, kwa magazeti tofauti, na hakuna hata mmoja aliyenijibu kuniambia afya yake iko aje.

Nilidhani shida ni karatasi. Niliacha chuo mwaka wa pili karo iliponishinda, kwa hivyo nikajiambia hawa watu wanataka digrii ya uanahabari. Wapi! Hakuna mhariri ambaye ameniuliza hilo swali hadi leo. Shida ilikuwa kile nilichokuwa nikiwatumia. Ile ya kumi na moja bado niko nayo kwenye simu, hebu isome:

"Mpendwa Mhariri, natumai u buheri wa afya. Mimi ni mwanablogu chipukizi mwenye ari ya kuandika. Ningependa kuandika makala kuhusu gharama ya stima inavyowaumiza wakazi wa mitaani. Hii ni mada muhimu sana kwa jamii. Nimeambatisha makala nzima na wasifu wangu. Natarajia jibu lako."

Kwa insha ya darasa la nane, hiyo ningepata 36 kwa 40. Sasa jiweke kwa kiti cha mhariri. Ni saa mbili asubuhi, anasoma kwa simu, na baada ya muda mfupi anaingia kwenye kikao ambapo kila mhariri anasema ana nini cha siku hiyo. Kwenye kikao hicho wewe haupo. Yeye ndiye atakuuzia habari yako, kwa mdomo, kwa sentensi moja au mbili, mbele ya wenzake ambao pia wanang'ang'ania nafasi. Kutoka kwa hiyo baruapepe yangu angesema nini? "Kuna kijana anataka kuandika kuhusu gharama ya stima." Mwenzake angeuliza, "Gharama ya stima imefanyaje?" Hapo angenyamaza, kwa sababu sikuwa nimemwambia.

Gharama ya stima ni mada. Mada kila mtu anazo, hata yule jamaa wa boda pale steji. Habari ni kitu kilichotokea, mahali fulani, kwa mtu fulani, na kuna jambo ndani yake ambalo msomaji hakulijua. Tena ujinga wangu ni kwamba habari nilikuwa nayo kabisa. Ilikuwa imelala pale ukurasa wa tatu wa makala niliyoambatisha, na hakuna aliyefungua. Mhariri hafungui faili ya mtu asiyemjua.

Hii ndiyo iliyokuwa ndani. Naishi Kayole, kwenye ploti ya nyumba 24 zilizo chini ya mita moja kubwa ya stima. Kila nyumba ina kimita chake kidogo alichoweka landilodi, na tokeni unanunua kwake. Sasa sikia utamu. Bei za mamlaka ya kudhibiti kawi, EPRA, zilizoanza kutumika Aprili 2023, ziliwagawa watumiaji wa nyumbani kwa makundi matatu: wasiopita yuniti 30 kwa mwezi, wa kati ya 30 na 100, na wanaopita 100. Ukitumia kidogo, bei ya yuniti nayo iko chini. Jirani yangu ana taa mbili, redio na chaja ya simu, anatumia yuniti 18 kwa mwezi. Lakini kwa mita ile kubwa haonekani. Kinachoonekana ni ploti nzima, ambayo inapita yuniti 400. Ile nafuu iliyowekewa watu kama yeye inaishia getini.

Nilikuwa nimeigundua hiyo kitu na bado nikaandika "mada muhimu sana kwa jamii". Aibu.

Mara ya kumi na mbili nilifuta kila kitu nikaanza upya. Kwanza nikatafuta mtu wa kumwandikia. Ile anwani ya jumla ya gazeti hupokea kila kitu, kuanzia taarifa za kampuni hadi matangazo ya mazishi, kwa hivyo nilisoma kurasa za wiki mbili nikaangalia nani anasimamia habari za makazi na gharama ya maisha. Nikatafuta pia kama gazeti hilo limeandika hiyo habari karibuni. Walikuwa wameandika kuhusu bei kupanda, lakini vimita vya landilodi hawakuwa wamevigusa. Kisha nikamtumia mhariri mmoja tu. Ukiwatumia watatu wa magazeti yanayoshindana, siku wawili watakapokubali utajua hujui. Kichwa cha baruapepe kilikuwa hiki:

"PENDEKEZO: Nyumba 24, mita moja ya stima"

Hesabu herufi, ni kama arobaini hivi. Simu nyingi hukata kichwa kirefu, kwa hivyo cha maana kikae mbele. Neno la kwanza linamwambia ni ombi la kazi, si malalamiko ya msomaji. Halafu ndani:

"Habari Mhariri,

Kuanzia tarehe 1 mwezi huu, wapangaji wa ploti moja Kayole wanalipa landilodi Sh40 kwa yuniti ya stima, kutoka Sh35, kwa sababu nyumba zote 24 ziko chini ya mita moja. Mama mmoja anayeuza mandazi hutumia yuniti 18 kwa mwezi. Angekuwa na mita yake, angelipa bei ya kundi la chini, la wasiopita yuniti 30. Kwa mita ya pamoja, ploti inapita 400 na nafuu hiyo haimfikii.

Nina jumbe za malipo za wapangaji 8. Naishi kwenye ploti hiyo. Landilodi na kampuni ya umeme bado sijawauliza. Nitawatafuta kufikia Jumatano.

Maneno 900 na picha 3, naweza kuleta Ijumaa."

Chini nikaweka jina, nambari ya simu na viungo viwili vya kazi zangu bora kwenye blogu. Basi.

Ukiangalia sentensi ya kwanza, hiyo ndiyo mhariri anaweza kuibeba hadi kwenye kikao bila kubadilisha neno. Tena ndani yake kuna kitu ambacho zile kumi na moja hazikuwa nacho kabisa: tarehe. Vimita vidogo vimekuwepo miaka, kwa hivyo swali la kwanza la mhariri ni kwa nini aichapishe wiki hii na si mwaka ujao. Bei kupanda kwa shilingi tano kuanzia tarehe 1 ndiyo jibu. Kama habari yako haina "sasa", itafute kabla hujaandika. Inaweza kuwa notisi mpya, kesi inayosikizwa wiki ijayo, au msimu wa mvua unaoanza. Ukikosa kabisa, bado inaweza kuwa makala ya wikendi, lakini sema hivyo mwenyewe.

Kuhusu "naishi kwenye ploti hiyo", nilisita sana kuiandika. Niliona kama naonekana mlalamishi. Lakini ndiyo sababu nina hizo jumbe na ripota wa mjini hana, na pia ni jambo ambalo mhariri ana haki ya kulijua mapema, kwa sababu nina maslahi kwenye habari yenyewe. Angeligundua baada ya kuchapisha, hangewahi kunijibu tena.

Jibu lilikuja baada ya saa mbili. Mstari mmoja: "Kati ya hao 8, wangapi wamekubali kuchapishwa?"

Wasee, nilitoka jasho. Zile jumbe nilikuwa nimeonyeshwa kwa WhatsApp ya ploti watu wakilalamika. Hakuna niliyekuwa nimemuuliza lolote kuhusu gazeti. Nikapita mlango kwa mlango jioni hiyo. Watano walikataa kabisa, wanaogopa kufukuzwa. Wawili wakakubali kwa jina. Mama wa mandazi akakubali, lakini bila jina wala picha ya uso. Nikamwandikia mhariri kwamba ni watatu, wawili kwa jina, na kwamba niliahidi kabla ya kuuliza. Akajibu, "Watatu wanatosha. Leta cha landilodi."

Kwa hivyo kwenye pendekezo lako andika kile kiko mkononi, na kile bado hujapata kitaje kama hujapata. Pengo ulilolitaja mwenyewe mhariri huliona kama kazi iliyobaki. Akiligundua yeye, anaanza kushuku hata yale mengine.

Sasa najua unachowaza: si wataniibia? Hofu hiyo ni ya haki, na sheria haikusaidii sana, kwa kuwa hakimiliki hulinda maneno uliyoandika, si wazo. Kinga yako ni ile ambayo mwingine hawezi kuchukua kwa haraka, yaani watu wanaokuamini. Waeleze kwenye pendekezo, lakini majina na nambari zao zibaki kwako hadi ukubaliwe. Ukishakubaliwa, uliza malipo kabla ya kuanza kuandika, kwa sentensi moja ya adabu. Usiyaulize kwenye pendekezo lenyewe.

Ukinyamaziwa, tumia akili. Habari ya haraka kama yangu, kumbusha baada ya siku mbili, chini ya baruapepe ile ile ili asianze kutafuta. Makala ambayo haiozi, ngoja wiki moja. Kumbusha mara moja tu, kisha mwandikie kwamba unaipeleka kwingine, na uipeleke kweli. Kumpigia simu saa kumi jioni wakati anafunga kurasa, hiyo ni kujitafutia adui.

Landilodi nilimpata Jumatano. Alisema zile shilingi tano za juu ni za pampu ya maji na taa za ngazi, ambazo pia zinakula kwa ile mita kubwa na hakuna anayezilipia. Nilikuwa nimeishi pale miaka mitatu na sikuwa nimewahi kuwaza juu ya pampu. Habari ikabadilika. Haikuwa tena ya landilodi mwizi, ikawa ya mita moja inayomficha kila mtu, na mhariri akaikata kutoka maneno 900 hadi 640.

Ilitoka Jumamosi. Jumapili asubuhi msimamizi wa ploti alipita kila mlango akiuliza ni mama gani aliyeongea na watu wa gazeti. Hakuna aliyemwambia. Kwangu hakubisha, jina langu lilikuwa pale juu ya habari.