Kwa nini skrini ya OLED hupepesa gizani, na jinsi ya kuitibu

WENYE runinga za OLED wanaozitumia kwa michezo ya video hukumbana na dosari moja inayowakanganya. Picha za mchana huwa safi na rangi zimekolea, lakini mchezaji anapoingia pangoni au katika ujia usio na taa, giza huanza kupepesa. Kijivu hupanda na kushuka kana kwamba kuna mtu anayechezea swichi.

Wengine nao hulalamikia kinyume cha hayo. Kwao, weusi umemeza kila kitu: ukuta, koti jeusi na adui aliyejibanza kwenye kona vyote vimekuwa doa moja.

Aghalabu lawama ya kwanza huelekezwa kwa umeme wa nyumbani, na ya pili kwa kioo chenyewe. Baadhi ya watu hufikia hatua ya kutafuta fundi, au kuuza runinga kwa hasara. Hata hivyo, umeme unaoyumba haubagui picha. Ungeathiri filamu na taarifa ya habari sawasawa na mchezo. Iwapo kupepesa kunatokea mchezoni pekee, na gizani pekee, basi runinga huenda ni nzima kabisa, na tiba imo katika menyu.

Chanzo ni muda

Kiini cha tatizo ni huduma iitwayo VRR, yaani kasi ya skrini inayobadilika. Runinga ya kawaida huchora picha upya kwa mwendo usiobadilika, kwa mfano mara 120 kila sekunde, au hezi 120. Kompyuta au konsoli ya michezo haiwezi kufuata mwendo huo daima. Penye vita vikali na moshi mwingi hutoa fremu chache. Penye utulivu hutoa nyingi. VRR huiamuru skrini isubiri fremu iwe tayari ndipo iichore. Matokeo yake ni mwendo laini, na picha haichaniki katikati.

Lakini kusubiri huko kuna gharama. Kila pikseli ya OLED hutoa mwanga wake yenyewe, kwa kiasi cha chaji ya umeme iliyopewa. Ndani ya runinga mna jedwali linaloamua kila ngazi ya kijivu ipewe umeme kiasi gani, nalo ndilo huitwa gama. Jedwali hilo hupangwa kiwandani kwa kasi moja mahususi. Kampuni ya LG ilieleza mwaka 2020 kwamba gama ya runinga zake za OLED ilipangwa kwa hezi 120, na kwamba kasi inaposhuka chini ya hapo, mwangaza wa ngazi za giza hubadilika.

Sababu yake si ngumu kuifahamu. Katika hezi 120, kila fremu hukaa kwenye skrini kwa takriban milisekunde 8.3. Katika hezi 40, fremu hukaa milisekunde 25, mara tatu zaidi. Jedwali lililopimwa kwa muda ule mfupi halilingani tena na muda huu mrefu, na pikseli iliyotakiwa kuwa karibu nyeusi huwaka zaidi kidogo kuliko ilivyokusudiwa.

Tofauti hiyo ni ndogo mno kuonekana katika anga la buluu au ukuta mweupe. Gizani mambo hubadilika, kwa kuwa hapo jicho la binadamu ni jepesi kutambua hata nyongeza hafifu ya mwanga. Weusi kamili nao hauathiriki, maana pikseli iliyozimwa haina cha kupandisha. Ndiyo maana dosari hukaa katika ukanda mwembamba ulio juu kidogo tu ya weusi.

Hapa pana jambo moja la kushika. Kasi ikishuka na kutulia, giza litakuwa la kijivu kidogo, lakini halitapepesa. Kupepesa huja kasi inapoyumba. Kwa hiyo ugonjwa ni miwili, na kila mmoja una dawa yake.

Kupima kabla ya kutibu

Jaribio la kwanza ni kusimama mahali penye giza mchezoni, kisha kuzima VRR kwenye konsoli au kompyuta na kutazama tena mahali palepale. Kupepesa kukikoma, chanzo kimepatikana. Kukiendelea, basi VRR haina hatia, na hapo ndipo kebo, kioo au mchezo wenyewe ustahili kuchunguzwa.

Jaribio la pili huwahusu wale ambao giza lao limemezwa. Ikiwa maelezo yamepotea hata VRR ikiwa imezimwa, kinachoshukiwa ni kutoelewana kwa viwango vya weusi. Vifaa hutuma picha kwa njia mbili: ile pana, ambapo weusi ni 0 na weupe ni 255, na ile finyu, ambapo weusi ni 16 na weupe ni 235. Konsoli ikituma kwa njia pana huku runinga ikisubiri ile finyu, kila kilicho chini ya 16 huhesabiwa kuwa weusi mtupu na hutoweka. Hali ikiwa kinyume, picha nzima hupauka kama iliyopigwa vumbi.

Katika PlayStation 5, mpangilio huo huitwa `RGB Range`, na katika runinga za LG huitwa `Black Level`. Njia salama ni kuacha vyote viwili katika hali ya kujichagulia. Vikikosa kuelewana, vilinganishwe kwa mkono: `Full` upande wa konsoli huenda na `High` upande wa runinga, na `Limited` huenda na `Low`. Kazi hii sharti itangulie nyingine zote, la sivyo kila marekebisho yatakayofuata yatakuwa yanaziba pengo lisilokuwa lake.

Kutuliza kasi

Baada ya hapo, dawa ya kupepesa ni kuifanya kasi itulie. Mfano wa kompyuta iliyounganishwa na runinga ya LG ya hezi 120 unaonyesha vyema namna ya kufanya hivyo.

Tuseme mchezo unatoa kati ya fremu 36 na 44 kila sekunde. VRR ya runinga hiyo huanzia hezi 40. Mchezo ukitoa fremu 42, skrini nayo huenda kwa hezi 42. Ukishuka hadi 38, skrini haiwezi kwenda polepole kiasi hicho, kwa hivyo kompyuta huonyesha kila fremu mara mbili, na skrini huruka hadi hezi 76. Mchezaji amepoteza fremu nne tu, lakini muda wa kila mchoro umepungua kutoka takriban milisekunde 24 hadi 13. Gama huruka pamoja nao. Mchezo ukivuka mstari huo wa 40 mara kadhaa kwa sekunde, pango lote litapepesa.

Hakuna kiwango cha mwangaza kitakachoponya hali hiyo. Kinachotakiwa ni kupunguza ubora wa vivuli au wa picha kwa jumla hadi mchezo usishuke tena chini ya fremu 40, kisha kuuwekea kikomo cha 40 hasa. Kwa kadi za Nvidia, kikomo huwekwa katika `Manage 3D settings`, sehemu ya `Max Frame Rate`. Hatimaye VRR huzimwa, `V-Sync` huwashwa, na skrini huachwa katika hezi 120.

Siri ya hesabu hiyo ni kwamba 120 hugawanyika kwa 40 mara tatu bila baki. Kila fremu huchorwa mara tatu, mwendo hubaki laini, na skrini hukaa katika kasi ileile ambayo gama yake ilipangiwa. Giza hurudi kuwa giza. Mgawanyo kama huo hufaa pia kwa mchezo unaoweza kushikilia fremu 60, ambapo kila fremu huchorwa mara mbili.

Wenye konsoli pia hawajasahaulika. Mwaka 2021, kampuni ya Insomniac Games iliongeza chaguo la fremu 40 katika mchezo wa Ratchet & Clank: Rift Apart kwa runinga za hezi 120, na michezo mingine ikafuata mkondo huo. Penye chaguo la namna hiyo, VRR inaweza kuzimwa bila majuto.

Kurekebisha ngazi za giza

Wapo ambao mchezo wao hautulii hata wafanyeje, nao hulazimika kuendelea na VRR. Kwao, runinga za LG za miaka ya karibuni zina mpangilio uitwao `Fine Tune Dark Areas`, unaopatikana VRR ikiwa imewashwa. Ukishushwa, kijivu kilichopanda hurudi chini. Ukipandishwa, maelezo yaliyomezwa hujitokeza.

Kosa la kawaida ni kuushusha mno. Mpangilio huo husogeza ngazi za giza kwa kasi zote kwa pamoja, ilhali tatizo hutofautiana kutoka kasi moja hadi nyingine. Anayeushusha hadi pango la fremu 45 liwe jeusi kabisa atakuta kwamba mchezo ukipanda hadi fremu 110, ukuta na adui vimetoweka pamoja. Hivyo ndivyo tiba ya kijivu inavyozaa ugonjwa wa kumezwa. Inafaa kushusha hatua moja moja, na kukoma mara tu kivuli cha mwisho kinapokaribia kupotea.

Aidha, marekebisho yafanyike ndani ya mchezo wenyewe, mahali penye giza na pilikapilika. Ile picha ya majaribio inayomtaka mchezaji apunguze mwangaza hadi alama fulani ifiche hutokea katika menyu, ambako kompyuta haina kazi nzito na kasi huwa juu. Alama itakayofichwa barabara hapo haitabaki imefichwa vitani, kasi itakaposhuka kwa nusu.

Mipaka ya tiba

Skrini ya kupakia mchezo huenda ikaendelea kupepesa hata baada ya hatua zote hizi, kwani fremu hukwama na kuchomoka kwa ghafla wakati huo. Hilo si dalili ya kioo kinachokufa, na halina madhara kwa pikseli.

Dalili za kutia wasiwasi ni tofauti. Kupepesa kunakoonekana hata VRR ikiwa imezimwa na katika picha zenye mwanga, au mstari unaobaki mahali pamoja bila kujali kinachoonyeshwa, ni mambo ya fundi na dhamana. Anayekwenda dukani na malalamiko hayo atafanya vyema kuonyesha kwanza kwamba alizima VRR na dosari ikabaki. Asipofanya hivyo, huenda akabadilishiwa runinga na kurudi nyumbani na nyingine inayopepesa vilevile.