Je, Wajua? Mafuta yaliyodondoka hayamo kwenye sahani

Baga mbichi ya gramu 100, ya nyama ya ng'ombe yenye mafuta asilimia 20, ina gramu 20 za mafuta. Ikichomwa hubaki na uzito wa gramu 70 hivi, na mafuta gramu 12 au 13 tu.

Hata hivyo, kila gramu 100 za nyama iliyoiva bado zina karibu gramu 18 za mafuta, kwa kuwa maji nayo yametoka.

Ukipima nyama iliyoiva, tumia takwimu za nyama iliyochomwa. Usipunguze tena: mafuta yaliyodondoka yameshaondolewa humo.

Ukipima mbichi, kinga matone chini ya wavu. Yakipoa, pima mafuta yaliyoganda juu pekee, kisha yatoe kwenye hesabu.