Mfumo wa ERP: Matawi Yote kwa Siku Moja, au Moja Baada ya Jingine?

Mwaka 1999 kampuni ya chokoleti ya Hershey ya Marekani ilikuwa ikibadilisha mifumo yake ya kompyuta kwa mradi wa takriban dola milioni 112. Kazi iliyokadiriwa kuchukua miezi 48 ilibanwa ndani ya miezi 30. Julai, wenye maduka walipokuwa wanaanza kuagiza peremende za Halloween, mifumo ya oda na usafirishaji iliwashwa kwa mpigo. Chokoleti ilikuwepo maghalani, ila oda hazikutoka kwa wakati. Faida ya robo hiyo ya mwaka ilishuka kwa asilimia 19.

ERP ni mfumo mmoja unaounganisha mauzo, stoo, manunuzi na uhasibu. Ukiuwasha matawi yote siku moja, kosa moja la data linafika kila kaunta asubuhi hiyohiyo, na mafundi ni walewale wachache. Kurudi nyuma nako ni kugumu: baada ya siku mbili tatu za kuuza, risiti mpya zimo kwenye mfumo mpya tu.

Kwa hiyo wengi huanza na tawi moja. Hatari inapungua, lakini gharama inahamia mahali pengine. Tuseme duka la vifaa vya ujenzi lina makao Dar es Salaam, yaliyokwisha kuhamia ERP, na tawi Dodoma linalotumia mfumo wa zamani. Dar inapeleka mifuko 200 ya saruji. ERP inaitoa stoo ya Dar na kuiandika kama mali iliyo njiani. Dodoma wanaipokea kwenye mfumo wao, ambao hauzungumzi na ERP. Mtu asipoingiza mapokezi hayo kwa mkono, kwenye vitabu saruji itabaki barabarani hata baada ya kuuzwa. Kampuni inalazimika kumlipa mtu wa kuoanisha hesabu hizo kila siku, au fundi wa kutengeneza daraja la muda kati ya mifumo miwili, litakalobomolewa baadaye. Kila mwezi unaoongezeka, malipo hayo yanaendelea.

Kinachoamua, basi, ni kiasi ambacho matawi yanapeana mali. Kama kila tawi linanunua na kuuza lenyewe, awamu ni nafuu na salama. Kama yote yanalishwa na ghala moja, hamisha kwa pamoja ghala hilo na matawi yanayolitegemea zaidi, katika msimu ambao biashara imepoa.

Tawi la kwanza likishahama, usikimbilie la pili kwa sababu tarehe imefika. Subiri lifunge hesabu za mwezi mzima. Hesabu stoo kwa mikono na ulinganishe na mfumo, kisha tazama orodha ya mali iliyo njiani. Ikiwa ina mizigo iliyokwisha kupokelewa zamani, kasoro hiyo itajirudia katika kila tawi litakalofuata. Irekebishe likiwa bado ni tawi moja.