Uzito Unaopungua na Chungu Kilicho Jikoni: Lishe ya Anayeishi na VVU Masisi na Walikale

Mwili wa mtu mzima anayeishi na virusi vya Ukimwi, yaani VVU, hutumia nguvu nyingi kuliko wa mwenzake asiye navyo hata siku ambazo haumwi popote, kwa kuwa kinga yake haipumziki. Shirika la Afya Duniani hukadiria kwamba mahitaji yake ya nishati huongezeka kwa takriban asilimia 10 asipokuwa na dalili, na kwa asilimia 20 hadi 30 anaposhikwa na magonjwa nyemelezi, yaani yale yanayovizia udhaifu wa kinga. Kwa anayehitaji kilokalori 2,000 kwa siku, ongezeko la kwanza ni kama 200, na vijiko viwili vikubwa vya mawese hulifidia na kuzidi. Ongezeko la pili ni kati ya 400 na 600, ambalo ni sawa na mlo mzima. Ugumu ni kwamba mlo huo wa ziada unadaiwa siku zile zile ambazo homa imeondoa hamu ya kula, koo linauma na tumbo halishiki kitu.

Kwa hiyo kupungua uzito ni jambo la kuchunguzwa kwanza, kisha ndipo litafutiwe chakula. Achukuliwe kwa mfano mama wa Walikale aliyekuwa na kilo 54 kabla ya kukimbia kijiji chake, naye baada ya miezi mitatu akapimwa kwenye mizani ya kituo cha afya akaonekana ana kilo 48. Amepoteza kilo 6, yaani asilimia 11 ya uzito wake, na kwa kuwa kiwango hicho kimevuka asilimia 10 bila yeye kukusudia kupungua, wataalamu hukihesabu kuwa dalili ya ugonjwa uliosonga mbele. Familia itasema ni njaa ya ukimbizini, na huenda ni kweli, lakini mhudumu makini hataishia hapo. Atatazama mdomoni kama kuna utando mweupe wa kuvu unaofanya kumeza kuwe na maumivu; atauliza kuhusu kuhara kwa muda mrefu; na zaidi ya yote atauliza kuhusu kikohozi, homa na jasho la usiku, kwa sababu kifua kikuu ndicho kinachowakondesha wengi wenye VVU, na chakula peke yake hakikitibu. Kikigunduliwa, dawa iitwayo rifampisini huifanya dolutegraviri, dawa kuu ya VVU, iondoke mwilini upesi, hivyo mgonjwa huongezewa kidonge cha pili cha dolutegraviri kila siku, kwa kawaida saa kumi na mbili baada ya kile cha kwanza.

Kuna kosa moja linalogharimu maisha, nalo huzaliwa na nia njema: mgonjwa kuacha kidonge kwa sababu hajala. Imani kwamba dawa kali haziingii tumbo tupu imeenea, na baadhi ya dawa za zamani ziliipa nguvu, lakini kidonge kinachotumika sana sasa, TLD, chenye tenofoviri, lamivudini na dolutegraviri, humezwa kwa maji siku ya njaa kama siku ya shibe. Mwaka 2025, vita vilipofika Masisi-kati mwezi wa Januari na Walikale-kati mwezi wa Machi, watu walikimbia wakiacha mashamba na vyungu. Aliyebeba vidonge vyake na kuendelea kuvimeza bila chakula alifanya lililo sahihi. Jambo la kuangaliwa ni vidonge vya chuma na vya kalisi, ambavyo wajawazito hupewa kliniki: vikimezwa pamoja na TLD tumboni mkiwa hamna kitu, huifunga dolutegraviri isinyonywe. Basi vimezwe vyote pamoja na chakula, au TLD itangulie kwa saa 2, au ifuate baada ya saa 6.

Mama yule, akishaanza tiba, hawezi kulazimishwa kula sahani kubwa ya fufu, na si lazima. Njia nyepesi ni uji mzito kati ya milo. Gramu 50 za unga wa mahindi, ambazo ni kama konzi mbili ndogo, hukorogwa katika nusu lita ya maji hadi ziive, kisha huongezwa kijiko kikubwa cha karanga zilizosagwa, kijiko kikubwa cha mawese na kijiko cha sukari. Chungu hicho kidogo hutoa zaidi ya kilokalori 400, naye hunywa nusu asubuhi na nusu jioni, uji ukiwa vuguvugu, bila pilipili ikiwa mdomo una vidonda. Nguvu hapa imo ndani ya mafuta na karanga kwa sehemu kubwa. Uji ule ule bila viwili hivyo ungetoa kilokalori 200 na kitu. Aliyekonda kupita kiasi, hata mifupa ikaonekana na miguu ikavimba, asianzishwe nyumbani kwa kulishwa sana, kwa kuwa mwili uliozoea njaa unaweza kuvurugika moyo na madini ya damu ukijazwa ghafla. Huyo ahitaji kituo cha lishe.

Wilaya hizi mbili hazina chungu kimoja. Masisi ni nyanda za malisho, viazi na maharage, nchi ya maziwa na ya jibini inayouzwa mpaka Goma, ingawa wizi wa mifugo umewaacha wengi bila ng'ombe. Maziwa yachemshwe, hata yale yatakayogandishwa kuwa mashanza, kwa sababu maziwa mabichi yaweza kubeba kifua kikuu cha ng'ombe na homa ya brusela, na kinga iliyopungua haivumilii mizaha hiyo. Walikale ni msitu wa mihogo, ndizi na mawese. Sombe lililotwangwa na kupikwa muda mrefu ni mboga yenye thamani, na mafuta mekundu huusaidia mwili kunyonya vitamini A iliyomo. Mpishi anayechoma mawese hadi yawe meupe huiharibu sehemu kubwa ya vitamini hiyo iliyomo katika mafuta yenyewe. Mihogo michungu iliyolowekwa siku moja kwa haraka ya ukimbizi, badala ya siku tatu hivi, hubaki na sumu, na asiyepata maharage wala samaki, walau ndagala, hukosa protini ya kuipooza.

Vitamini za kununua madukani zisichukue nafasi ya chungu hiki. Utafiti uliofanywa Dar es Salaam kwa watu waliokuwa tayari kwenye tiba, ukachapishwa mwaka 2012, ulionyesha kuwa dozi kubwa za vitamini hazikuwafaa kuliko dozi za kawaida, na ziliongeza dalili za kuumizwa kwa ini.

Akihara, mama huyo aendelee kula, tena anywe maji yenye chumvi na sukari: lita 1 ya maji safi yaliyochemshwa, vijiko 6 vidogo vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi, vyote vya kusawazishwa juu. Na anapopimwa tena, mizani iwe ile ile, nguo ziwe nyepesi, na kifundo cha mguu kibonyezwe kwa kidole gumba kwa sekunde 3, kwa sababu shimo likibaki pale, kilo zilizoongezeka ni maji ya uvimbe wala si nyama ya mwili.