Asilimia Kubwa, Faida Ndogo

Tuseme chama cha ushirika cha wakulima wa mpunga kule Mbarali kina kiwanja kimoja na kinataka kufunga mashine ya kukobolea. Fundi analeta bei mbili. Mashine ndogo inagharimu shilingi milioni 10 na, ukishatoa umeme, mishahara na matengenezo, inabakiza milioni 5 kila mwaka kwa miaka minne. Kubwa ni milioni 40, nayo inabakiza milioni 17 kwa mwaka kwa muda uleule. Zote zikifika mwisho wa miaka hiyo zinauzwa kama vyuma chakavu, kwa bei isiyofaa hata kuhesabiwa.

Kwenye kikao, mhasibu anasimama na jibu: ndogo ina kiwango cha ndani cha faida cha asilimia 35, kubwa asilimia 25. Wajumbe wengi wangepiga kura hapohapo. Kiwango hicho ni ile riba ambayo, kama mtaji wote ungekuwa wa mkopo, mradi ungeilipa pamoja na deni lote na kumaliza bila faida wala hasara. Kinapendwa kwa sababu unaweza kukiweka kando ya riba ya benki ukalinganisha. Hasara yake ni kwamba hakisemi ni asilimia 35 ya fedha kiasi gani.

Njia ya pili, thamani halisi ya sasa, inajibu swali hilo. Chukulia fedha za chama zina gharama ya asilimia 15 kwa mwaka. Basi milioni moja itakayopatikana baada ya mwaka mmoja ni sawa na kama 870,000 leo, maana hizo ukizizalisha kwa asilimia 15 zinafika milioni. Ya mwaka wa pili ni 756,000, ya tatu 658,000, ya nne 572,000. Punguza mapato ya kila mwaka kwa namna hiyo, yajumlishe, kisha toa bei ya mashine. Ndogo inaacha milioni 4.3. Kubwa inaacha milioni 8.5, karibu mara mbili.

Sasa wajumbe wana majibu mawili yanayopingana, na hesabu zote ni sahihi. Kinachokata shauri ni kutazama ile milioni 30 ya ziada peke yake. Anayenunua kubwa badala ya ndogo anaongeza milioni 30 leo ili apate milioni 12 zaidi kila mwaka. Nyongeza hiyo nayo ni mradi, na kiwango chake cha ndani kinakaribia asilimia 22. Mchumi wa Kimarekani Irving Fisher alilinganisha chaguo mbili kwa kutazama tofauti yake namna hii katika kitabu chake cha mwaka 1930 kuhusu riba.

Asilimia 22 ndiyo mpaka. Fedha za chama zikigharimu chini ya hapo, nyongeza inajilipa na kubwa inashinda. Chama kikikopa kwa asilimia 24, mambo yanageuka: ndogo inaacha kama milioni 2, kubwa haifiki hata milioni moja. Vivyo hivyo kama hizo milioni 30 zina pengine pa kuzalisha asilimia 30, ingawa mimi ningetaka kuoneshwa hapo pengine ni wapi kabla ya kukubali. Na kununua mashine ndogo nne? Kungelipa kuliko yote, kama kungekuwa na viwanja vinne na mpunga wa kuzitosha. Hapa kiwanja ni kimoja.

Kwenye Excel, andika gharama ya ndogo kama namba hasi katika A1 na mapato yake A2 hadi A5. Kubwa iwe safu B. Katika C1 andika `=B1-A1`, uishushe hadi C5. Kisha:

```
=IRR(C1:C5)
=NPV(15%,B2:B5)+B1
```

Wengi huteleza kwenye mstari wa pili kwa kuingiza B1 ndani ya mabano. Excel huichukulia namba ya kwanza ndani ya mabano kuwa ya mwisho wa mwaka wa kwanza, kwa hiyo bei uliyolipa leo nayo inapunguzwa na jibu linapotoka.

Likishakaa sawa, mimi ningeacha kubishana kuhusu asilimia na kuanza kuuliza habari za mpunga. Ndogo itajaa kwa mavuno ya wanachama wenyewe. Kubwa inategemea magunia ya vijiji jirani. Kwa gharama ya asilimia 15, mapato ya kubwa yakishuka kutoka milioni 17 hadi 15.5 kwa mwaka, faida yake yote juu ya ndogo inakuwa imekwisha. Milioni moja na nusu ndiyo inayopoteza wateja kwa mwaka endapo mtu mwingine atafunga mashine yake barabara hiyohiyo.